Majibu kwa Ayoo

Phelis Bitutu alizaliwa katika nyumba za wafanyakazi za shamba kubwa la chai nje ya Kericho, na hadi alipomaliza kidato cha nne aliamini kwamba mtu huamka alfajiri kwa sababu moja tu, kwenda kuchuma. Mama yake, Janefer, alitoka upande wa Kisii akiwa msichana, akapewa kikapu, koti la plastiki na namba ya kazi, na hakurudi tena. Alikuwa na vidole vya haraka. Wanyapara walikuwa wakimsimamisha kwenye mstari wa mbele ili wengine wafuate mwendo wake. Halafu mashine za kuchuma zikaja, kwanza chache, baadaye kila bonde, na Janefer akaambiwa akabidhi namba na nyumba. Mama na binti wakahamia chumba cha kukodi Kapsoit, nyuma ya duka la dawa za mifugo.

Kazi aliyoipata Phelis ni kazi ambayo mama yake hakuwahi kuweza kuwaeleza watu wa kanisani. Aliandika maneno ambayo wengine walisema kwenye video za simu. Alianza na mwenye duka la dawa za mifugo, ambaye alikuwa akijirekodi akisoma majina ya dawa kama anayesoma matangazo ya vifo. Phelis alimwandikia maneno mafupi kuhusu ng'ombe anayekataa kula, na watu wakaanza kuja dukani kutoka hadi Kedowa. Habari ikasambaa. Wafanyabiashara wadogo wakamjua kama yule dada wa Kapsoit wa maneno.

Hivyo ndivyo alivyofika kwa Rebeccah.

Rebeccah alikuwa na shamba la chai la kurithi kwa mume wake, mteremko mmoja unaoshuka hadi mtoni. Wengine wote wa kijiji waliuza majani mabichi kiwandani. Yeye alichoka kungojea malipo ya kiwanda, akachukua mkopo, akajenga kibanda chenye meza za waya za kunyaushia majani na kikaushio kidogo, akaanza kutengeneza chai yake mwenyewe, ile ya jani zima isiyosagwa. Akaiita Chai ya Mama Joan, kwa jina la binti yake wa pekee aliyekuwa chuoni na ambaye ndiye aliyeshika simu wakati wa kurekodi. Kwenye pakiti waliandika kwamba imechumwa kwa mikono, na ilikuwa kweli. Janefer na wanawake wenzake kadhaa, wote waliotolewa na mashine kama yeye, ndio waliochuma. Phelis ndiye aliyempelekea Rebeccah mama yake.

Video zilikuwa zinatazamwa, lakini chai haikuwa inatoka. Watu waliweka mioyo na vidole gumba, wakaenda zao. Kisha siku moja akaja mtu anayejiita Ayoo, akaandika chini ya video ya Rebeccah akitembea shambani: "Chai ni chai tu. Hiyo ya kuchumwa kwa mikono ni maneno ya pakiti. Mimi nitajuaje?"

Watu wengi wakaunga mkono. Rebeccah akampigia Phelis simu.

"Kuna mtu anatuharibia jina," alisema. "Nimwambie Joan amfute?"

"Usimguse, Mama Joan. Nakuja."

Walikaa kwenye kibanda, harufu ya majani yanayonyauka ikiwa imejaa kama ya matufaha yaliyoiva sana. Rebeccah alikuwa ameshatunga jibu lake. Alisimama wima na kulisema: kwamba anamshukuru Ayoo kwa swali lake, kwamba Chai ya Mama Joan ni chai bora kutoka milima ya Kericho, kwamba wateja wanunue sasa kabla haijaisha.

Phelis alimsikiliza mpaka mwisho.

"Hiyo haijamjibu," alisema. "Ameuliza atajuaje. Wewe umemwambia anunue. Ukimwambia mtu anunue kabla hujamjibu, anajua umekwepa."

"Sasa nitamwambia nini? Mimi najua ni mikono. Mamako ndiye anachuma."

"Wewe unajua. Yeye hajui, na hawezi kujua akiwa huko kwake. Hajatukana mtu. Hilo swali wengi wako nalo na wamenyamaza tu. Sisi tumjibu yeye kwa jina, na hao wengine watasikia."

Alimwonyesha Joan pa kubonyeza kwenye maoni ya Ayoo ili ajibu kwa video, na maneno ya Ayoo yabaki juu ya picha kama kibandiko, kila anayefungua aone kwanza swali lenyewe. Kisha akatoka nje na simu yake, akakaa juu ya kreti iliyopinduliwa na kuandika. Aliandika akifuta. Alijua kwamba sentensi ya kwanza lazima ikubali shaka ya mtu, kwa sababu mtu akikubaliwa shaka yake hulegea. Alijua pia kwamba maneno ya muuzaji hayathibitishi kitu, hata yakiwa matamu. Kinachothibitisha ni kile ambacho mtazamaji anaweza kukifanya mwenyewe nyumbani.

Lakini mtazamaji afanye nini? Alikwama hapo mpaka mama yake akapita na kikapu mgongoni.

"Mama, ukiona chai iliyokauka, unaweza kujua kama ni ya mashine?"

"Ikiwa imekauka, si rahisi. Iweke kwa maji moto," Janefer alisema. "Jani linafunguka. Likifunguka utaona kama lilikatwa."

Phelis alirudi ndani na maandishi haya, ambayo baadaye watu wengi kuliko walivyoweza kuwafikiria waliyasikia:

"Ayoo, uko sawa. Kwa kuangalia pakiti huwezi kujua. Usiniamini mimi, tuulize jani." Hapo Rebeccah amimine majani makavu kwenye bakuli jeupe na kumwagia maji ya moto, bila kusema kitu, mpaka yafunguke. "Liangalie hili. Majani mawili na chipukizi, na bado yameshikana kwenye kikonyo kimoja. Mashine haichagui. Inakata kila kilichosimama, kwa hivyo ungeona nusu za majani, na vijiti." Hapo ionekane mikono ya Janefer ikichuma, karibu kabisa, bila muziki. "Hii ni mikono ya Mama Phelis. Amechuma chai tangu akiwa msichana." Halafu Rebeccah arudi na bakuli. "Sasa Ayoo, fanya hivi hivi kwako. Pakiti ndogo ya kujaribu iko, linki iko kwa bio. Ukifungua majani yetu upate vijiti, rudi hapa uniambie mbele ya watu wote."

Rebeccah alisoma mara mbili.

"Mbona hatujasema ni tamu?"

"Hakuuliza kama ni tamu."

"Na mahali pa kununua umeweka kidogo hivi, huko mwisho?"

"Mama Joan, hawezi kufanya hilo jaribio bila chai yetu. Tukishamwonyesha, ni yeye atakayetafuta pa kununua. Hatumsukumi."

Rebeccah alicheka polepole, kama mtu aliyeonyeshwa mlango wa pili wa nyumba yake mwenyewe. Kisha akagusa ile sentensi ya mwisho kwa ukucha. "Na hii ya kurudi hapa mbele ya watu? Si ni kujiweka kamba shingoni?"

"Una vijiti?"

"Sina."

"Basi hakuna kamba."

Walirekodi asubuhi iliyofuata, mwanga ukiwa mzuri. Janefer alivua saa yake ya mkononi kwanza, akauliza kama kucha zake zinafaa. Joan alimwambia ziko sawa kabisa, shosho, usizioshe, na Janefer akaona haya.

Video ile ilienda. Watu waliituma kwa wenzao, wakabishana, wakatengeneza zao wakimwaga chai bakulini. Ayoo mwenyewe aliandika: "Haya, hapo mmenijibu. Nimeagiza." Joan akaibandika hiyo juu ya maoni mengine yote. Maagizo yakaja kutoka Nakuru, Nairobi, hata Mombasa, na waliofunga chai wakalazimika kupanga pakiti hadi sebuleni kwa Rebeccah. Alimkumbatia Phelis mbele ya watu. Alimwita binti yangu. Mwenye hoteli moja mjini Kericho alimtafuta Phelis amwandikie naye, na mwenye kuuza vifaranga Chepseon vilevile. Kwa muda fulani Phelis alitembea Kapsoit akiwa na furaha ambayo hakuwa na mazoea nayo. Alikuwa ameandika maneno, na yalikuwa ya kweli, na yakauza. Hakuwa amewahi kuona mambo hayo matatu yakikaa pamoja.

Janefer ndiye aliyeanza kurudi nyumbani mapema.

"Leo hakuna kazi?" Phelis alimwuliza.

"Mama Joan amesema tupumzike kidogo. Anasema miche inahitaji kupumzika."

Phelis alikuwa na shughuli za hoteli. Hakuuliza zaidi. Wiki iliyofuata mama yake alienda siku moja tu, na iliyofuata hakuitwa kabisa. Alishinda nyumbani akifua vitu ambavyo havikuwa vichafu.

Kisha Ayoo akarudi. Alikuwa ameagiza mara ya pili, na safari hii hakuishia kuandika. Alitengeneza video. Haikuonyesha uso, ilionyesha bakuli tu, jeupe, na maji ya moto yakimiminwa, na majani yakifunguka. Kidole chake kikayatandaza moja moja. Nusu ya jani. Nusu nyingine, pembe yake imenyooka kama iliyokatwa kwa makasi. Kijiti. Kijiti kingine, kigumu, chenye jani kuukuu. Sauti yake ilikuwa ya mwanamke mtu mzima, isiyo na hasira. "Mama Joan, uliniambia nikipata vijiti nirudi nikuambie mbele ya watu. Nimerudi. Hii nani amechuma?"

Phelis aliitazama akiwa amesimama nje ya hoteli. Aliitazama tena. Kisha akapanda bodaboda hadi kwa Rebeccah bila kupiga simu.

Mvua ya mawe ilikuwa imetoka kupita, barabara ikiwa nyeupe pembeni. Kwenye mteremko wanaume wawili walikuwa wanapita juu ya chai na mashine, mmoja kila upande wa mstari, na mfuko mrefu ukiburutika nyuma yao umejaa. Mlio wake Phelis aliujua tangu kwenye lile shamba kubwa, maana ndio uliowatoa nyumbani kwao. Nyuma ya wale wanaume miche ilibaki imekatwa sawasawa juu kama meza.

Rebeccah alikuwa kwenye kibanda. Kwenye meza za waya majani yalikuwa yamerundikwa mazito, yakiwa na vijiti, na pembeni magunia ya majani ya majirani yakisubiri nafasi.

"Umeona ile ya Ayoo," Rebeccah alisema. Hakuuliza.

"Nimeona. Na sasa nimeona hii."

"Phelis, keti. Maagizo yalikuja kama mafuriko. Wamama sita wangechuma mpaka lini? Kule benki wanangojea pesa ya kikaushio, Joan anangojea karo. Nikasema nikate mara moja tu, nitoe yale maagizo, halafu turudi kwa mikono."

"Na pakiti?"

"Pakiti zilikuwa zimechapishwa tayari."

Phelis alikaa. Alitaka kukasirika, lakini mwanamke aliyekuwa mbele yake alikuwa amekonda, na macho yalikuwa mekundu kwa moshi wa kikaushio. "Chai ya mashine si dhambi," alisema mwishowe. "Kusema si ya mashine ndiyo shida. Bado tunaweza kumjibu. Na tunaweza kuuza tukimjibu."

"Vipi?"

"Nipe nusu saa."

Aliandika pale pale, na lilikuwa jibu bora kuliko la kwanza. Yeye mwenyewe alilijua hivyo. Alimkumbuka Ayoo, ambaye hakutukana, ambaye alifanya alichoambiwa afanye, na akamwandikia kama anavyomwandikia mtu anayeheshimiwa.

"Ayoo, ulichoona ni kweli. Hivyo ni vijiti, na hayo majani yamekatwa na mashine. Mlituagiza chai nyingi kuliko mikono yetu, nikaikata kwa mashine na kuiweka kwenye pakiti ya mikono. Hilo lilikuwa kosa langu." Hapo Rebeccah aoneshe mabakuli mawili, kando kwa kando, moja la mikono na moja la mashine. "Kuanzia leo ni pakiti mbili. Hii ya mikono itakuwa kidogo, na utangoja. Hii ya mashine ina rangi nzuri kwa maziwa, na bei yake iko chini. Zote zimeandikwa zilivyo. Ayoo, pakiti yako ya mikono inakuja, hulipi. Na wewe mwingine uliyenunua, mwaga majani yako kwa bakuli. Ukipata vijiti, niandikie nikubadilishie."

Joan aliisoma kwanza, juu ya bega la Phelis. "Hii ni kali," alisema kwa sauti ya chini. "Mum, hii itaenda kuliko ile ya kwanza. Watu wanapenda mtu akikubali."

Rebeccah alishika bakuli, Joan akashika simu. "Ayoo, ulichoona ni kweli," Rebeccah alisema. Akanyamaza. Akaanza tena, akafika kwenye mashine, akanyamaza. Mara ya tatu aliweka bakuli chini.

"Siwezi kusema hii kwa mdomo wangu. Watu wa kanisa wataniona. Wanawake wa chama wataniona. Wewe unaandika tu, Phelis. Uso ni wangu."

"Mikono ni ya mama yangu," Phelis alisema.

Rebeccah akapangusa meza ambayo haikuwa na kitu. "Wacha nifikirie mpaka wiki ijayo," alisema. "Nitakupigia."

Hakupiga. Aliyepigiwa ni Janefer. Jumatatu alirudi nyumbani akiwa na uso mwepesi, kitambaa chake cha kichwani kikiwa kile cha kwendea kanisani.

"Mama Joan ameniita," alisema akivua viatu. "Tumechuma mimi na yeye tu, kikapu kimoja, ile ya kuchagua kabisa. Nilimwambia miche imekatwa vibaya, akasema anajua, kwamba anataka turudie mikono. Wameipiga picha tena mikono yangu. Joan amesema bado ninaweza."

Phelis alikuwa anakata mboga. Aliweka kisu chini na kuchukua simu.

Ilikuwa imewekwa tayari. Swali la Ayoo lilikuwa juu ya picha kama kibandiko: Hii nani amechuma? Mikono ya Janefer ilikuwa ikichuma, karibu kabisa, bila muziki. Kisha bakuli jeupe, majani mawili na chipukizi, yakifunguka mazuri. Sauti ilikuwa ya Joan. "Ayoo, pole sana. Una haki ya kuuliza. Hatutakuambia utuamini, jani lenyewe ndilo hili, limechumwa na Mama Phelis yule yule. Uliyopata wewe tunaogopa ni ya matapeli wanaotumia jina letu. Ndiyo maana tumebadilisha pakiti. Ya kweli ina kibandiko cha kijani, linki iko kwa bio. Ukipata yoyote isiyo na kibandiko, tuambie, tuwakamate pamoja."

Phelis alitazama mpaka mwisho, halafu ikajianza tena yenyewe. Jambo lililomuuma zaidi, na ambalo hakumwambia mtu, ni kwamba ilikuwa imeandikwa vizuri. Imeanza kwa kuikubali shaka. Haikujitetea. Ushahidi ulikuja kabla ya kuuza, na kuuza kukaja mwishoni, kwa upole, kama msaada. Kila kitu alichomfundisha Joan kwenye kile kibanda kilikuwa mle ndani, kimepangwa mahali pake.

Chini yake watu walikuwa wameshamgeukia Ayoo. Wengine walimwambia ni mwongo aliyelipwa na kampuni kubwa. Wengine walimwambia aache wivu wa mwanamke mwenzake. Mmoja aliandika kwamba mtu mwenye jina kama hilo, la kusikolimwa chai, anajua nini kuhusu chai, na hilo lilipata vicheko vingi kuliko yote.

"Vipi?" Janefer aliuliza. "Haikutoka vizuri?"

Phelis alimwonyesha. Ilibidi amweleze mara mbili, kwa sababu mama yake hakuwa ameona video ya Ayoo na hakujua kwamba kuna mtu aliyeuliza kitu. Janefer aliisikiliza yote. Aliangalia vidole vyake kwenye kioo cha simu vikichuma na kuchuma, maana video haikuwa na mwisho.

"Waambie wanitoe," alisema.

"Si yangu, Mama. Akaunti ni yao."

"Lakini mikono ni yangu."

Phelis aliandika chini ya ile video kwamba yeye ndiye aliyetunga jibu la kwanza, kwamba ameiona mashine shambani kwa macho yake, na kwamba Ayoo hakusema uongo. Ilikaa kidogo tu, ikafutwa. Akaandika tena. Alipojaribu mara ya tatu akaunti yenyewe haikupatikana, walikuwa wamemzuia. Akapiga simu kwa Rebeccah, na akapokea Joan.

"Dada Phelis, tafadhali," Joan alisema, na sauti yake haikuwa ile ya kwenye video. "Mum halali. Benki walikuja hapa. Ikianguka hii, na wale wamama hawatakuwa na kazi milele. Unataka nini, tufunge?"

"Nilikuandikieni namna ya kutofunga."

"Uliandika namna ya mum kuaibika."

Hapo ndipo walipoachana.

Maneno ya aina hiyo hayakai mahali pamoja. Mwenye hoteli alisikia, kwa mtu aliyesikia kwa mtu, kwamba dada wa Kapsoit hutoa siri za wateja wake, akamshukuru kwa kazi nzuri na hakumwita tena. Kwenye chama cha wanawake kulisemwa kwamba hao waliotoka ng'ambo ya huko, upande wa Kisii, ukiwakaribisha shambani kesho wanataka kukuuza. Rebeccah hakuwa amesema hivyo, lakini alikuwa amekaa pale na hakuwakataza. Wanawake wale wengine waliokuwa wakichuma walimwuliza Janefer kwa nini binti yake aliwakatia riziki. Alijaribu kuwaeleza kwamba riziki ilikatwa na mashine. Walimwambia mashine haina mdomo.

Kilichobaki ni Ayoo. Phelis alimtafuta na kumwandikia ujumbe wa faragha. Alimweleza yote kwa utaratibu, shamba, mashine, magunia ya majirani, mikono ya mama yake. Alimwomba msamaha kwa matusi aliyopata, kwa kuwa aliyemwambia arudi mbele ya watu, kwa hakika, alikuwa yeye Phelis.

Jibu lilikuja mchana.

"Kwa hivyo ni wewe uliyeandika ile ya kwanza?" Ayoo aliuliza.

"Ni mimi."

"Ile ya 'uko sawa, usiniamini mimi'?"

"Ndiyo."

Kisha Ayoo akaandika: "Na sasa umeanza tena kwa kuniambia niko sawa. Dada, mimi nitajuaje kwamba hii nayo si skripti? Labda una chai yako unayotaka kuuza."

Phelis alikaa na simu hiyo kitandani, mvua ikipiga bati. Alianza: Nakuelewa kwa nini unauliza. Akafuta, kwa sababu ndivyo angeandika kwa mteja. Akaandika: Usiniamini, njoo Kapsoit uone mwenyewe. Akafuta. Akajaribu kusema jambo hilo wazi, bila mpangilio wowote, kama mtu anayeongea tu. Lakini kila sentensi aliyoanza ilikuwa na kazi. Moja ilikubali shaka, nyingine ikaleta ushahidi, nyingine ikakaribisha. Hakukumbuka tena watu huongea vipi wakiwa hawana kitu cha kuuza. Mwishowe akatuma neno moja, pole, na Ayoo hakurudi.

Chai ya Mama Joan bado inauzwa, na ina kibandiko cha kijani. Phelis yuko Kedowa siku hizi, akipima viazi kwa mwanamke anayenunua kwa jumla. Kuna wateja wa zamani wanaompigia simu wakitaka maneno, na yeye huwaambia ameacha. Janefer amepata vibarua kwa mkulima mmoja upande wa Chepseon anayechuma bado kwa mikono kwa sababu mteremko wake ni mkali na mashine haiwezi kusimama. Ni mwendo mrefu kutoka Kapsoit. Wasichana wanaochuma naye walimtambua siku ya kwanza kuwa ndiye Mama Phelis wa kwenye video, wakamwomba anyooshe mikono waione, na mmoja akatoa simu apige picha. Janefer aliiingiza mikono yote miwili ndani ya koti lake la plastiki, akawaambia chai inawangoja.